Voisi Aliyoihifadhi Mdogo Wangu

Mama yangu alikuwa na sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya shamba. Kijijini kwetu Handeni, mimi na mdogo wangu tukiwa bondeni kuchota maji, akituita kutoka uani tulimsikia kama amesimama nyuma yetu. Ndiyo maana madaktari walipotuambia kwamba uvimbe umekaa pale pale sauti inapotokea, na kwamba wakiutoa hataongea tena, mdogo wangu alilia na mimi nilibaki nimekaa tu. Mama mwenyewe aliuliza swali moja: "Kula nitakula?" Wakasema atakula. Akasema basi watoe.

Sisi ni wawili tu, wanawake watupu. Mimi ni mkubwa, fundi cherehani, ninaishi Masuguru hapa Korogwe. Mdogo wangu ameolewa Vugiri, juu milimani, anakolima kabichi na mume wake. Baba alifariki tukiwa shule. Mzigo wa mama ulikuwa juu yangu, na sisemi kwa kujisifu. Kutoka Korogwe kwenda Handeni basi ni rahisi kuliko kushuka kutoka Vugiri wakati wa mvua, hivyo kila wiki mbili nilikuwa kwa mama na dawa ya presha, sabuni na sukari. Mdogo wangu alifika mara tatu au nne kwa mwaka. Akifika, mama alichinja kuku. Mimi nikifika, mama alinionyesha bati linalovuja.

Kabla ya kwenda hospitali ya rufaa mama alilala kwangu usiku mmoja. Tukaondoka asubuhi, akapasuliwa, na baada ya wiki tatu nikarudi naye Masuguru akiwa na tundu shingoni la kupumulia na kitambaa laini cha kulifunika. Nilimpa chumba cha mbele chenye dirisha. Nilijifunza kusafisha lile tundu, kuponda chakula kiwe laini, kuamka akigonga ukuta. Alikuwa anatuandikia kwenye daftari la shule, na wa mbali aliwaandikia meseji kwenye simu, polepole, kwa kidole kimoja.

Simu hiyo nilimnunulia mimi. Zamani alikuwa haandiki, alikuwa anatuma voisi tu, na simu ilikuwa inajaa kila mara kwa video za harusi na salamu za ndugu. Mwaka uliopita, nilipochoka kumfutia, niliingia kwenye chati zake zote, yangu na ya mdogo wangu zikiwemo, nikaweka ile ya ujumbe kujifuta wenyewe baada ya siku tisini. Nilijiona mjanja. Sikujua kwamba nilikuwa nahesabia siku sauti ya mama yangu.

Nilishtuka alipokuwa amekwisha rudi kutoka hospitali. Nilifungua chati yangu na mama nimsikie kidogo, nikakuta zimebaki voisi tatu. Ya kwanza: "Ukija Jumamosi niletee dawa ya kuku, wale wadogo wanasinzia." Ya pili: "Ile kanga ya kijani umeshaipinda?" Ya tatu ilikuwa kikohozi, na mwisho wake: "Nipigie." Nilimuuliza binti mmoja anayekuja dukani kwangu kushona sare, akanionyesha. Unabonyeza ujumbe, unaushikilia, juu inatokea alama kama utepe wa kuwekea ukurasa kitabuni. Ukiigusa, ujumbe ule unabaki hata siku zake zikiisha. Nikazihifadhi zote tatu, na kile kikohozi ndani yake.

Kama wiki saba baadaye, asubuhi moja, nilichukua simu ya mama kuiweka chaji sebuleni. Yeye alikuwa anaota jua uani. Ikaingia meseji ya mdogo wangu ya kumsalimia, nikaifungua nimsomee. Katika kupandisha juu nikaona ile alama ya utepe pembeni ya voisi moja, na maandishi madogo yakisema kwamba mdogo wangu ameuhifadhi ujumbe huo. Voisi yenyewe ilikuwa ya dakika nne na sekunde kumi na mbili. Nilitazama tarehe. Ilikuwa ya ile asubuhi tuliyoondoka kwenda hospitali. Mama aliirekodi akiwa nyumbani kwangu.

Niliweka simu sikioni.

"Mwanangu," mama alisema, na sauti ilikuwa ile ya zamani, imepasuka kidogo tu, "nimekaa hapa kitandani nikasema niongee na wewe, maana nikirudi sitakuwa nao mdomo huu. Nilikuzaa mvua inanyesha siku ya nne mfululizo. Watu walisema mtoto huyu hatakaa. Nikakuweka hapa kifuani, siku arobaini sikukushusha. Wewe ndiye ulinirudishia pumzi, nilikuwa nimekata tamaa ya mambo mengi wakati ule…"

Hapo nilizima. Ilikuwa imekwenda dakika moja na nusu.

Nitaeleza nilivyojisikia, kwa sababu nikiruka hapo mengine hayataeleweka. Kwanza ilikuwa joto masikioni. Halafu nikaanza kuhesabu, kama mtu aliyeibiwa anavyohesabu vilivyobaki. Nguo za mama zilikuwa kwenye kamba, nimezifua mimi. Uji ulikuwa jikoni, nimeupika mimi. Kidole changu kilikuwa na kidonda cha sindano kwa sababu nilikuwa nashona huku nasikiliza kama amegonga ukuta. Na aliponyang'anywa sauti, dakika nne za mwisho alimpa yule aliyekuja kumwona mgonjwa na kapu la matunda damu ya kwao milimani, akakaa siku mbili tu. Mimi nilipewa dawa ya kuku.

Nikaishikilia ile voisi. Alama ya utepe ikatokea juu, safari hii imekatwa mstari. Nilipoigusa, simu ikaniuliza. Iliniambia kwa maneno yaliyo wazi kwamba kwa kuwa ujumbe umetumwa kutoka simu hii, nikiuondolea hifadhi hakuna mwingine kwenye chati atakayeweza kuuhifadhi tena. Nilisoma mara mbili. Yeyote kwenye chati anaweza kuhifadhi, lakini aliyetuma ndiye mwenye neno la mwisho. Na kwa macho ya simu, mimi ndiye niliyekuwa mama.

Nikabonyeza kukubali.

Utepe ukatoweka. Voisi yenyewe ilibaki, maana siku tisini zilikuwa hazijatimia. Zilikuwa zimesalia siku kumi na tisa. Nikachomeka chaji, nikampelekea mama uji. Aliniandikia kwenye daftari, "Leo una haraka," nikamwambia nina sare za wanafunzi.

Nilitegemea mdogo wangu atanipigia. Nilikuwa nimejiandaa hata majibu, kwamba mama mwenyewe huwa anabonyezabonyeza vitu. Hakupiga. Siku ya pili hakutuma salamu kwa mama. Siku ya tatu alituma neno moja, "Shikamoo," akanyamaza. Yeye alizoea kuandika mistari kumi, kuhusu kabichi, kuhusu ukungu, kuhusu mbuzi aliyekula ndala. Mama alikuwa anaangalia simu, anaigeuza, anaiweka. Akaniandikia, "Mwenzio anaumwa?" Nikasema mtandao wa kule juu si mzuri.

Sitaficha kwamba siku zile za kwanza nilifurahi. Mama alikuwa wangu. Tulikaa wawili jioni, nikimsomea habari kwenye simu, akinicheka ninavyosoma. Lakini ile furaha ilikuwa na kutu. Kila alipotazama simu nilijua anamtafuta nani.

Zilipita wiki mbili, ndipo mdogo wangu akateremka kutoka Vugiri, siku ya Ijumaa, na gunia la kabichi na mkungu wa ndizi. Alimwamkia mama kwa kupiga magoti, akambusu mkono, kisha akakaa kwenye kiti cha mlangoni. Kwa kawaida angepanda kitandani, amlaze mama kichwa mapajani, aanze kumsuka. Mama alipapasa godoro kumwita. Akasema, "Nina vumbi la safari, mama," akatoka kuja kwangu uani.

Nilikuwa nimetandika mkeka napukuchua mahindi. Akakaa, akachukua hindi. Tulipukuchua kama nusu saa, tukizungumza habari za mbolea. Halafu akasema bila kuniangalia:

"Dada, mama amewahi kukuambia nimemkosea nini?"

"Umkosee wewe?" nikasema. Nilisikia ubaya wa sauti yangu.

"Alinitumia voisi kabla ya kupasuliwa. Niliihifadhi, maana ile chati yake inafuta. Sasa wiki mbili zilizopita ameiondoa. Nilijaribu kuiweka tena, simu inakataa, inasema aliyetuma hataki. Mara tatu nimejaribu."

Akapukuchua hindi mpaka likabaki gunzi jeupe, akaendelea kulisugua.

"Nimekaa nikawaza. Pengine hakupenda nilivyokuja siku mbili tu kipindi kile. Pengine amejutia maneno aliyosema. Lakini ni ya kwake, sauti ni yake. Zimebaki siku tano ifutike."

"Si ungeituma hata kwa mume wako," nikasema. "Ukiituma kwenye chati isiyofuta inabaki."

"Najua inabaki." Hapo ndipo aliponiangalia. "Mama amekataa nisiwe nayo. Nikaiibe? Nitakuwa naisikiliza vipi, na mwenyewe hataki?"

Mimi nilidhani nimemnyang'anya kitu. Kumbe nilikuwa nimemwambia, kwa mkono wa mama, kwamba mama amemkataa. Na yeye aliamini, akainamisha kichwa, akabeba kabichi akaja.

Nilitupa gunzi kwenye beseni.

"Siyo mama," nikasema. "Ni mimi."

Hakuelewa. Ilibidi nimwambie yote, chaji, meseji, utepe, swali la simu na jibu langu. Nilimwambia nilikuwa nimeisikiliza mpaka pale pa siku arobaini. Mahindi yalikuwa yamejaa mapajani mwake na hakuyatoa.

"Kwa nini?" akauliza.

"Niliona wivu."

"Wewe, dada? Wewe uliye naye?"

"Mimi niliye naye, ndiyo."

Alisimama, mahindi yakamwagika mkekani. Aliniambia, kwa sauti ya chini kwa ajili ya mama, "Naomba utoke mbele yangu kidogo." Ulikuwa uwanja wangu, na nilitoka. Nilisimama nyuma ya choo nikiangalia ukuta wa jirani. Nilisikia akiwapiga kuku mawe waache mahindi. Baadaye nikasikia analia, kisha anapenga kamasi.

Aliponiita hakuwa amenisamehe, ilionekana usoni.

"Ulisikiliza dakika moja na nusu," akasema. "Kaa usikilize iliyobaki, ujue ulichokionea wivu."

Akaweka simu mkekani katikati yetu, akaibonyeza. Nilisikia tena mvua ya siku nne, na kifua, na pumzi. Halafu mama akaendelea. Alimwambia mdogo wangu asiuze mbuzi kabla ya kiangazi kuisha. Alimwambia mpaka wa shamba letu na la jirani ni ule mkwaju uliopigwa radi, watu wasije wakasema ni mwingine. Alimwambia mtoto wake wa pili asichapwe kwa kukojoa kitandani, hata yeye alikojoa mpaka darasa la pili. Alicheka hapo, kile kicheko cha kukoroma. Nilikuwa nasikiliza kwa shingo nzima nikingojea zamu yangu. Sikutegemea kingi. Nilingoja anitaje.

Nilitajwa mara moja, karibu na mwisho. "Na umwambie dada yako," mama alisema, "ile mbegu ya kunde iko kwenye dumu la njano, asije akaipika." Kisha akamwombea dua, akasema, "Haya, naona basi linatungoja," ikaisha.

Mdogo wangu alinitazama. Nadhani alitegemea nitalainika. Ukweli ni kwamba iliniuma zaidi ya mwanzo. Dakika nne na sekunde kumi na mbili, na mimi nimo na kunde.

"Twende kwa mama," akasema.

"Usimwambie."

"Mimi simwambii. Utamwambia wewe. Ila nataka kumuuliza la kwangu kwanza."

Mama alikuwa macho. Mdogo wangu alikaa pembeni ya kitanda na kumuuliza, "Mama, ile voisi uliyonitumia siku ile ya safari, unataka ifutike?" Mama alikunja uso. Akachukua daftari, akaandika, "Isifutike. Kwa nini ifutike?" Mdogo wangu alisoma, akafumba macho, akalaza kichwa kwenye mguu wa mama kama vile amefika safari muda ule. Mama akatugeuzia macho mmoja mmoja. Akaandika, akanielekezea mimi: "Kuna nini?"

Nikamwambia. Nilisimama nikiwa nimeshika fremu ya mlango, mtu mzima mwenye watoto wanaosoma sekondari, nikamwambia mama yangu kwamba niliingia kwenye simu yake nikajifanya yeye. Alisikiliza yote. Hewa ilipita shingoni mwake, ile sauti ya filimbi ndogo ambayo sasa nimeizoea. Halafu akaandika muda mrefu, akikata maneno na kuanza upya.

"Siku niliyomleta huyu nyumbani uligoma kula. Ulikuwa na miaka mitano. Nilijua halijaisha, sikujua limefika kwenye simu."

Mdogo wangu alicheka bila kutaka. Mimi sikucheka. Nikauliza lile lililonikaa kooni tangu asubuhi ile.

"Kwa nini mimi hukunitumia?"

Mama alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini maji yanalowesha. Akaandika: "Ulikuwa chumba cha pili."

"Si ungekuja kuniambia."

Akaandika tena, haraka, herufi zikienda juu na chini. "Ulikuwa unapiga pasi kanga zangu za hospitali. Nilikuja mpaka mlangoni. Nikakuona ulivyoinama. Nikasema nikifungua mdomo nitalia, na huyu atalia, na basi litatuacha. Nikarudi kukaa."

Nilikumbuka kupiga pasi. Sikukumbuka mtu mlangoni. Nilisoma yale maandishi mpaka wino ukaanza kuchezacheza. Yalinitosha nusu. Ile nusu nyingine ilikuwa inasema: hata hivyo ulirudi ukaongea na yeye. Sikulitamka hilo. Mama alikuwa amechoka, na kalamu ilikuwa imemdondoka.

Mdogo wangu alitoa simu. Alijaribu tena kuihifadhi, ikakataa, kwa maana nilichokifanya hakifutiki hata kwa simu ya mama. Nililijua hilo tangu siku ile lakini kuliona mbele ya mama ni jambo jingine. Kwa hiyo akaishikilia ile voisi, akaituma kwa mume wake. Kisha akaniuliza kama chati yetu sisi wawili ina ile ya kufuta. Nikasema haina, niliiweka kwenye za mama tu. Akanitumia na mimi. Simu yangu ikalia mfukoni mwa gauni.

"Ya nini unanitumia mimi?" nikamuuliza.

"Simu yangu ikianguka kwenye mto nitaitoa wapi?" akasema. Hakusema zaidi ya hapo, na sikutaka aseme.

Mama akatuashiria tumpe asikilize. Tangu apasuliwe alikuwa hajajisikia. Mdogo wangu akasita, mimi nikabonyeza. Mama alisikiliza ameinamisha kichwa, mkono mmoja juu ya kile kitambaa cha shingoni. Kwenye kicheko, mabega yake yalitikisika. Ilipoisha alichukua daftari. Sisi hatukujua tufanye nini na mikono yetu. Kisha akaandika, "Nilikuwa naongea haraka kumbe," akaomba uji.

Jumatano ile voisi ilitoweka kwenye simu ya mama na kwenye chati yake na mdogo wangu, siku tisini zimetimia. Nilikuwa naangalia. Zile mbili alizotuma zilibaki, kwa shemeji Vugiri na kwangu hapa Masuguru. Chati ya mama nimeiondolea ile ya kufuta, ingawa kwa sasa kinachoingia humo ni maandishi.

Mdogo wangu alichukua muda kunirudia. Alikuwa ananijibu kwa "sawa" na "haya." Siku aliyonitumia tena habari za mbuzi nilisoma mara tatu. Anashuka kila mwezi siku hizi, anapanda kitandani, mama anamlazia kichwa asukwe. Mimi nikiwa kwenye cherehani nawasikia, yeye akiongea na mama akigonga kalamu kwenye daftari anapotaka kujibu. Bado inanichoma. Wakati mwingine nazidisha kukanyaga pedali nisiwasikie. Wakati mwingine nasimamisha kazi, naingia, nakaa upande ule mwingine wa kitanda, na mama anasogeza miguu kunipa nafasi.